Riba ikipanda, mzigo ni wa nani?

Mwanzoni mwa Mei 2022 riba ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7. Kufikia Februari 2024 ilikuwa 13. Katika kipindi hicho wastani wa riba ambazo benki za biashara huwatoza wakopaji ulianza kupanda kutoka karibu asilimia 12, na kabla ya mwaka 2024 kwisha ulikuwa umepita 17. Aliyekuwa na mkopo wa nyumba hakuwa amefanya lolote la kuiongezea benki wasiwasi: nyumba ni ile ile, kazi ni ile ile, na hajachelewa kulipa hata mara moja. Hata hivyo rejesho lake la mwezi lilipanda kwa maelfu ya shilingi, kwa sababu mkataba aliotia saini ulisema riba inaweza kubadilika. Watu wanapouliza kati ya riba ya kudumu na riba inayobadilika ipi ni nafuu, huwa wanauliza swali dogo. Swali kubwa ni hili: riba ya nchi ikipanda, nani kati ya mkopaji, benki, mwekezaji na mlipa kodi ndiye atakayetoa pesa? Msimamo wangu ni kwamba nchini Kenya mzigo huo umewekwa juu ya yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuubeba, na kwamba haukufika hapo kwa bahati mbaya wala kwa uchoyo mtupu wa benki. Umefika hapo kutokana na aina ya pesa ambazo benki hutumia kukopesha. Kisipoguswa chanzo hicho, sheria nyingine zote zitauhamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine bila kuupunguza.

Tuanze na pesa zenyewe. Benki inayokupa mkopo wa miaka 20 haina pesa za miaka 20. Ina amana: akaunti za mishahara ambazo mwenyewe anaweza kuzitoa leo, na amana za muda maalumu ambazo kwa kawaida huwekwa kwa miezi mitatu, sita au mwaka mmoja. Kila amana hizo zinapoiva, mwenye pesa anauliza utampa kiasi gani ili asiziondoe. Mwaka 2024 alikuwa na jibu mkononi, kwa kuwa hati za Hazina za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16, na serikali ndiyo mkopaji anayeaminika kuliko wote. Benki iliyotaka kubaki na pesa za mwenye amana kubwa ililazimika kumpa kiwango kinachokaribia hicho. Sasa fikiria benki hiyo ilikuwa imetoa mkopo wa nyumba kwa asilimia 13 ya kudumu. Ingekuwa inanunua pesa kwa bei ya juu kuliko inavyoziuza, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka yote iliyosalia. Ili kujikinga, benki huandika katika mkataba kwamba gharama ya pesa ikipanda mkopaji ataifidia. Hiyo ndiyo maana halisi ya riba inayobadilika. Ni bima ambayo mkopaji anamwandikia mwenye benki, na mara nyingi mkopaji hajui kwamba ameiandika.

Bima hiyo ina bei gani? Tuchukue mkopo wa shilingi milioni 6 kwa miaka 20, ulioanza kwa asilimia 13. Rejesho la mwezi ni shilingi 70,295. Familia yenye kipato cha mkononi cha shilingi 175,000 kwa mwezi inatumia asilimia 40 ya kipato hicho kulipia nyumba. Ni nzito lakini inabebeka, na benki nyingi zingeridhika. Baada ya miaka miwili ya kulipa bila kukosa, familia imeshatoa takriban shilingi milioni 1.69. Kati ya hizo, zilizopunguza deni lenyewe ni takriban shilingi 144,000 tu, nyingine zote zilikuwa riba. Mikopo mirefu ndivyo ilivyo, mwanzoni deni halipungui kwa kiasi cha kuonekana, na hapo ndipo penye hatari. Deni lililobaki ni shilingi 5,855,770, na miezi iliyobaki ni 216. Sasa riba inapandishwa hadi asilimia 17. Ili deni liishe kwa wakati ule ule, rejesho linakuwa shilingi 87,131. Nyongeza ni karibu shilingi 17,000 kila mwezi, yaani asilimia 24, na familia ile ile sasa inatumia nusu ya kipato chake kwa nyumba. Tena hapo tumechukulia kwamba kipato cha mkononi hakikupungua. Ukweli ni kwamba Kenya ilianza kukata ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara mwaka 2023, na makato ya afya ya asilimia 2.75 yakafuata mwaka 2024. Kwa wengi, rejesho lilipanda huku mshahara wa mkononi ukishuka.

Wengi hawakuona mabadiliko hayo kwenye rejesho lao, na hapo ndipo ilipo dhana potofu ya kwanza ninayotaka kuivunja. Benki hutoa njia mbadala: tuache rejesho lako kama lilivyo, tuongeze muda wa mkopo. Inasikika kama huruma. Katika mfano wetu, riba ikipanda kwa pointi moja tu, kutoka 13 hadi 14, na rejesho libaki 70,295, miezi iliyosalia inatoka 216 hadi 308. Pointi moja imeongeza miaka saba na miezi minane. Mtu aliyekopa akiwa na miaka 38, akitarajia kumaliza akiwa na 58, sasa atamaliza akiwa na 65, umri ambao wengi wameshastaafu. Na riba ikifika 17, njia hiyo inafungwa kabisa, kwa sababu riba ya mwezi mmoja kwa deni lile ni shilingi 82,957, kubwa kuliko rejesho lenyewe. Mkopaji akiendelea kulipa 70,295 bila kukosa, deni litakua kwa zaidi ya shilingi 12,600 mwezi wa kwanza, na zaidi kidogo kila mwezi unaofuata. Atakuwa analipa kwa uaminifu na wakati huo huo anazama.

Kuna hesabu rahisi ya kujua mpaka huo uko wapi kwa mkopo wowote. Chukua rejesho la mwezi, zidisha kwa 12, kisha gawanya kwa deni lililobaki. Kwa mfano wetu, 70,295 mara 12 ni 843,540, na ukigawanya kwa 5,855,770 unapata asilimia 14.4. Riba ikivuka kiwango hicho, hakuna muda wowote duniani, hata miaka 100, ambao rejesho lile lingelimaliza deni. Angalia jinsi mpaka ulivyo karibu: pointi 1.4 tu juu ya riba ya kuanzia. Kadiri mkopo unavyokuwa mrefu zaidi na mpya zaidi, ndivyo mpaka unavyosogea karibu. Kwa hiyo mkopo wa miaka 25 unaotangazwa kwa sababu rejesho lake ni dogo ndio wenye nafasi ndogo zaidi ya kustahimili riba inayobadilika. Sijawahi kuona jedwali la hesabu hii katika barua ya ofa ya mkopo, na naamini linapaswa kuwa ukurasa wa kwanza.

Dhana ya pili ni ya upande wa benki, kwamba riba ikibadilika pamoja na soko, benki imeepuka hatari. Haijaepuka, imeibadilisha sura. Hatari ya riba aliyopewa mkopaji hurudi kwa benki ikiwa hatari ya kutolipwa. Tena hurudi kwa wakopaji wengi kwa pamoja na katika mwaka ule ule, kwa kuwa riba hupanda kwa wote siku moja. Mwaka 2024 mikopo isiyolipwa ipasavyo ilizidi asilimia 16 ya mikopo yote ya benki za Kenya. Riba peke yake si chanzo cha hayo yote. Serikali kuchelewa kuwalipa wakandarasi na shilingi kudhoofika vilichangia sana, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo haikuwa ya nyumba. Lakini nyumba iliyowekwa rehani ina tatizo lake. Madalali wanapoanza kutangaza nyumba nyingi za mtaa mmoja kwa mwezi mmoja, bei zinashuka, na dhamana ambayo benki iliiona kama ngao inapungua wakati ule ule inapohitajika. Mtu mmoja akifukuzwa kazi, benki inaweza kustahimili. Wakopaji wake wote wa nyumba wakipandishiwa rejesho kwa robo kwa mkupuo, hilo ni jambo jingine.

Je, basi jibu ni kuilazimisha benki itoze riba ya kudumu? Hapana, na historia ya Marekani inaeleza kwa nini. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu, serikali ya Marekani iliunda taasisi za kuokoa wenye nyumba, na kutoka huko ukakua mkopo wa muda mrefu wa riba ya kudumu, ambao hadi leo ndio wa kawaida nchini humo katika sura yake ya miaka 30. Kwa miongo kadhaa mikopo hiyo ilitolewa hasa na vyama vya akiba na mikopo vilivyopokea amana ndogo ndogo za watu wa kawaida. Amana zilikuwa za muda mfupi, mikopo ilikuwa ya muda mrefu, na riba ilikuwa ya kudumu. Benki Kuu yao ilipoamua kuuvunja mfumuko wa bei chini ya Paul Volcker, riba ya muda mfupi ilipanda hadi karibu asilimia 19 katikati ya 1981. Vyama vile vilibaki na mikopo ya zamani iliyolipa chini ya asilimia 10, huku wenye amana wakidai zaidi ya hapo au kuondoka. Hasara ilianza hapo. Ukafuata ulegezaji wa sheria ulioviruhusu kubahatisha katika biashara za hatari zaidi ili kufidia, na hasara ikakua. Kati ya 1986 na 1995 zaidi ya vyama 1,000 vilianguka, na walipa kodi wakabeba zaidi ya dola bilioni 120. Wenye nyumba walilindwa kabisa, lakini jirani zao walilipa. Anayesema riba ya kudumu haina hatari anasahau kwamba hatari ilikuwepo wakati wote, ila ilikuwa kwenye vitabu vya mwingine.

Kutokana na mifano hii miwili, wa Kenya na wa Marekani, naona kosa ni lile lile katika sura mbili: pesa za miezi sita zinatumika kununua nyumba ya miaka 20. Kenya imempa mkopaji pengo hilo alizibe. Marekani ya wakati ule iliwapa wakopeshaji. Katika hali zote mbili aliyepewa hakuwa na njia ya kulibeba. Yule anayeweza kulibeba ni mtu ambaye anataka pesa zake zifungwe kwa miaka 20 kwa riba inayojulikana leo, kwa sababu na yeye ana malipo ya kufanya baada ya miaka 20. Mtu huyo yupo. Ni mfuko wa pensheni na kampuni ya bima ya maisha. Kwao, riba ya kudumu ya muda mrefu ndiyo bidhaa wanayoitafuta. Mifuko ya pensheni ya Kenya ina mali ya zaidi ya shilingi trilioni 2, na sehemu kubwa kabisa imewekwa katika hati fungani za serikali, kwa kuwa hakuna hati nyingine nyingi za muda mrefu za kuaminika za kununua.

Denmark iliunganisha pande hizi mbili zaidi ya miaka 200 iliyopita. Moto mkubwa uliiunguza Copenhagen mwaka 1795, na miaka miwili baadaye ikaanzishwa taasisi ya kwanza ya mikopo ya kujenga upya. Utaratibu uliokua kutokana nayo ni huu: unapokopa, taasisi inauza sokoni hati fungani za thamani ya mkopo wako na zenye masharti yanayolingana nao. Wewe unalipa riba, riba inaenda kwa mwenye hati, na taasisi inabaki na ada yake. Taasisi inabeba hatari ya wewe kushindwa kulipa, kwa hiyo ina sababu ya kukuchunguza vizuri. Haibebi hatari ya riba. Hiyo imeshauzwa kwa mifuko ya pensheni na wawekezaji wengine waliokubali kuibeba kwa bei waliyoridhika nayo. Kuna jambo jingine ambalo nalithamini zaidi. Riba ikipanda, thamani ya hati za zamani hushuka sokoni, na mkopaji anaruhusiwa kuzinunua kwa bei hiyo ya chini na kufuta deni lake. Riba ikishuka, mwenye mkopo wa riba ya kudumu wa aina ya kawaida anaruhusiwa kulipa deni lote kwa thamani yake ya awali na kukopa upya kwa riba nafuu. Haki hiyo ya pili haitolewi bure, inalipiwa ndani ya riba. Lakini ipo, na kila mmoja anajua bei yake.

Kenya imeanza kuelekea huko kupitia Kampuni ya Ufadhili wa Mikopo ya Nyumba, inayojulikana kwa herufi zake KMRC, iliyoundwa mwaka 2018 na kupewa leseni mwaka 2020. Haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Inazikopesha benki na sako pesa za muda mrefu kwa asilimia 5 ya kudumu, kwa sharti kwamba nazo ziwakopeshe wananchi wa kipato cha wastani na cha chini kwa riba ya kudumu isiyofika asilimia 10. Wakati wenzao wa riba inayobadilika walipokuwa wakipokea barua za nyongeza mwaka 2023 na 2024, wakopaji wa mpango huu hawakuguswa. Hilo ni jambo kubwa, nalisifu bila kusita. Lakini swali letu bado linadai jibu hapa pia: hatari ilienda wapi? Sehemu kubwa ya pesa za kwanza zilitoka Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, zikakopwa na serikali kwa fedha za kigeni, kisha zikafika KMRC kwa shilingi. Shilingi iliposhuka hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, aliyebeba tofauti alikuwa mlipa kodi, akiwemo yule mpangaji wa Kayole au Likoni ambaye hana mkopo wowote. Na KMRC ilipokwenda sokoni mwenyewe mwaka 2022, ilikopa shilingi bilioni 1.4 kwa miaka saba kwa asilimia 12.5. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kweli ya pesa ndefu. Haiwezekani kununua kwa 12.5 na kuuza kwa 5 bila mtu kufidia katikati. Ruzuku kwa watu wa kipato cha chini naiunga mkono, mradi ionekane na ihesabiwe, isijifiche ndani ya deni la taifa.

Hapa atainuka msomaji aseme: riba ya kudumu ni ghali, kwa nini nilipe zaidi kila mwezi kwa kuogopa jambo ambalo huenda lisitokee? Hoja hii ni ya haki, na tuipime kwa mkopo ule ule. Tuseme benki inakubali kukupa milioni 6 kwa asilimia 15 ya kudumu badala ya 13 inayobadilika. Rejesho ni shilingi 79,007. Unalipa shilingi 8,700 zaidi kila mwezi, zaidi ya laki mbili katika miaka miwili, na riba isipopanda pesa hizo umezitoa bila kupata kitu ila usingizi. Kwa mtu mwenye akiba nene, au anayekopa nusu tu ya bei ya nyumba na anatarajia kumaliza deni kwa miaka mitano, riba inayobadilika inaweza kuwa uamuzi wa busara. Yeye ana uwezo wa kuwa mwandishi wa bima. Lakini familia inayosema haiwezi kulipa 79,007 inajieleza yenyewe kwamba haina uwezo wa mkopo ule, kwa kuwa rejesho la riba inayobadilika lilipita kiwango hicho na kufika 87,131. Unafuu wa 70,295 haukuwa unafuu wa nyumba. Ulikuwa malipo ambayo familia ilipokea kwa kukubali kubeba hatari ambayo haikuweza kuibeba.

Hoja ya pili ni kwamba kinachopanda hushuka, na mwenye riba inayobadilika atafaidi riba ikishuka. Kwa nadharia ni kweli. Benki Kuu ilianza kushusha riba yake Agosti 2024, na kufikia Desemba 2025 ilikuwa imeifikisha 9. Benki za biashara hazikufuata kwa kasi ile ziliyokuwa nayo wakati wa kupandisha. Mapema 2025 Benki Kuu ililazimika kuzionya hadharani na kutuma wakaguzi. Benki zilijitetea kwamba bado zilikuwa na amana zilizochukuliwa kwa bei ya juu, na utetezi huo una ukweli ndani yake kwa miezi michache ya mwanzo. Hauelezi mwaka mzima. Tatizo liko katika mikataba mingi iliyoandikwa kwamba riba ni kiwango cha msingi cha benki pamoja na nyongeza, na kwamba benki inaweza kukibadilisha kiwango hicho kwa hiari yake ikishatoa taarifa. Katika mkataba wa namna hiyo mkopaji habebi hatari ya soko pekee. Anabeba pia hatari ya uamuzi wa kamati ya benki, na hiyo haina bei wala kipimo. Mahakama ya Juu iliamua Juni 2025, katika kesi ya Stanbic na Santowels, kwamba kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinagusa riba pia, na kwamba benki inahitaji idhini ya Waziri wa Fedha ili kuongeza. Uamuzi huo umempa mkopaji silaha, ila sidhani ofisi ya waziri ndiyo mahali pa kupimia bei ya pesa kila wiki.

Wapo pia watakaotaka tuurudie ukomo wa riba. Tuliujaribu. Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 sheria ilizuia riba isizidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi nne. Benki zilikaa na hati za serikali na kuwaacha wakopaji wadogo, kwa sababu ukomo hauondoi hatari, unakataza tu kuitoza bei, na asiyelipwa kubeba mzigo huuweka chini. Kwa Waislamu wa pwani na kwingineko wanaokwepa riba, swali la nani anabeba linabaki pale pale chini ya majina mengine. Murabaha huweka bei ya mauzo siku ya mkataba na haibadiliki, kwa hiyo benki ndiyo inayobeba. Ushirika unaopungua, ambao mteja hulipa kodi ya sehemu ya benki, mara nyingi huruhusu kodi hiyo kupitiwa upya, na hapo mteja ndiye anayebeba. Aulize mapema.

Ninachopendekeza si kuondoa riba inayobadilika, bali kuiwekea kingo ili hatari igawanywe. Mkataba wa nyumba ya kuishi uruhusu riba kubadilishwa mara moja tu kwa mwaka, isipande zaidi ya pointi mbili kwa mwaka wala zaidi ya nne kwa maisha yote ya mkopo. Benki itadai bei kwa kinga hiyo, na idai, kwa kuwa bei hiyo itaandikwa na kulinganishwa kati ya benki na benki. Barua ya ofa ionyeshe rejesho kwa riba ya sasa, kwa pointi mbili juu na kwa pointi nne juu, pamoja na ule mpaka ambao deni haliishi. Kuhamisha mkopo kwenda benki nyingine kusigeuke adhabu: leo kuna ada ya kulipa mapema, mthamini mpya, wakili wa kufuta rehani na wakili wa kuiandika upya, na ushuru wa stempu juu yake. Gharama hizo ndizo zinazoifanya benki isiwe na haraka ya kushusha riba, kwani inajua huendi kokote. Na kwa upande wa pesa ndefu, KMRC itoe hati fungani za miaka 15 na 20 mara kwa mara, hata kwa kiasi kidogo, ili mifuko ya pensheni izizoee na bei ya kweli ijulikane. Kwa bei ya leo mikopo hiyo haitakuwa ya asilimia 9. Itashuka kadiri serikali inavyopunguza ukopaji wake wa ndani, kwa kuwa mwenye pesa ndefu hatakubali kulipwa na mwenye nyumba chini ya anavyolipwa na Hazina. Nikiulizwa ni nani hasa anayeamua bei ya nyumba Kenya, nitaonyesha bajeti ya serikali kabla ya kuonyesha benki yoyote.

Kuna hatua moja ambayo tayari imeanza. Tangu Septemba 2025 mikopo mipya ya shilingi yenye riba inayobadilika inapaswa kufungamanishwa na KESONIA, wastani wa riba ambazo benki zenyewe hukopeshana kwa usiku mmoja, pamoja na nyongeza inayoitwa K inayojumuisha gharama za benki, faida ya wenye hisa na hatari ya mkopaji. Mikopo ya zamani ilipewa hadi mwisho wa Februari 2026 kuhamia huko. KESONIA inachapishwa, hakuna benki moja inayoweza kuipandisha kwa hiari yake, na hilo linaiondoa sehemu ya hatari niliyoilalamikia. Lakini mkopo wa miaka 20 sasa unafuata riba ya usiku mmoja, jambo linalouweka mzigo wote wa soko kwa mkopaji kwa uwazi zaidi kuliko zamani. Nafasi pekee ya hiari iliyobaki ni K. Mwenye mkopo wa zamani aitafute barua ya kuhamishwa, aangalie K yake ilihesabiwaje siku ya kuhama, ajumlishe na KESONIA ya siku hiyo na kulinganisha na riba aliyokuwa akilipa siku iliyotangulia. Kisha atafute sentensi inayosema K inaweza kubadilishwa lini na kwa sababu gani. Ikiwa inasema inaweza kubadilika kwa sababu za benki na si kwa sababu yeye ameshindwa kulipa, aiandikie benki barua kuomba K ifungwe kwa muda wote wa mkopo, na atunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa.